Barua ya Baba kwa Watu wa Benki

Shule niliiacha kwa sababu ya fenesi. Watu wakiniuliza nilifika darasa la ngapi nasema la pili, na ni kweli, ila la pili lenyewe sikulimaliza. Nyuma ya nyumba ya mwalimu mkuu palikuwa na mfenesi, na kwenye mfenesi huo palikuwa na fenesi moja chini kabisa, karibu na shina, na jingine juu. Mtu mwenye akili angechukua la chini. Mimi nikapanda kufuata la juu, maana la juu lilikuwa limeanza kunukia. Nikalishika, nikalizungusha, likakatika, tukashuka pamoja, mimi na fenesi, nalo likatangulia. Mkono wa kushoto ukavunjika mahali pawili. Mzee mmoja wa Kidigo akaufunga kwa vijiti na majani, ukapona, lakini mpaka leo haunyooki, na nikinyoosha mikono kuomba dua mmoja unaonekana kama unasitasita.

Mwalimu mkuu hakunifukuza. Aliniletea kipande cha lile fenesi kitandani. Hiyo ndiyo iliyonishinda. Angenichapa ningerudi shule, lakini kuletewa fenesi lake mwenyewe nikiwa nimelala na mkono umefungwa, niliona haya hata kupita njia ile. Basi nikakaa nyumbani Tongoni, nikasaidia kufua nazi, na shule ikawa imekwisha hivyo hivyo.

Lakini herufi nilikuwa nimeshazijua. Na siku zile, zama za Mwingereza, miaka ya hamsini na kitu, mtu aliyejua herufi za kizungu kijijini petu alikuwa na thamani yake. Wazee wote walijua kuandika, usidhani hawakujua. Baba yangu aliandika vizuri sana, kwa herufi za Kiarabu, Kiswahili chake chote kiko humo, kuanzia kulia kwenda kushoto, mwandiko kama mshono wa kofia. Ila ukitaka kumwandikia bwana shamba, au posta, au mwenye duka la Kihindi mjini, ilikuwa lazima uandike zile za shule. Hapo ndipo nilipoitwa mimi. Nikaandika barua za watu wa Tongoni, na za watu wa Kigombe waliosikia kwamba nipo. Nyingine zilikuwa za aibu, siwezi kuzitaja. Nililipwa mayai. Mara moja nililipwa bata, akanikimbia kabla sijafika nyumbani.

Nasema haya yote ili ujue kwa nini kaka yangu alipokufa, ni mimi niliyeshika kalamu.

Kaka yangu alikuwa fundi wa mashine kwenye kiwanda cha mkonge, sisi tukiita korona, ile mashine inayosaga majani ya mkonge ikatoa nyuzi. Shamba lilikuwa njia ya Pangani. Alinipita miaka sita. Alikuwa mtu wa maneno machache, mkono mzito, moyo mwepesi. Akija nyumbani alinuka mafuta ya mashine na maji ya mkonge, harufu ambayo haitoki hata uoge na ndimu. Tumbo lilimshika Jumatatu, wakampeleka hospitali ya serikali Tanga, na siku ya tatu akafariki. Aliacha mke na watoto wawili, wa kiume wa miaka minne na wa kike wa kunyonya. Tulimzika Tongoni.

Sasa nikueleze jambo la nyuma, maana bila hilo hutaelewa yaliyompata baba. Miaka kama minane kabla ya hapo, kaka akiwa bado hajaoa, alikuwa akihifadhi pesa zake nyumbani kwa baba, ndani ya kopo la maziwa ya unga, juu ya dari ya makuti. Nyumba ikaungua. Moto ulitoka jikoni. Tuliokoa mama, msahafu na kitanda kimoja. Lile kopo lilipatikana kesho yake, noti zote zimekuwa jivu ambalo bado lina umbo la noti, ukiligusa linaanguka. Kaka alilifagia tu jivu lile. Baba ndiye aliyesema. Alimwambia, "Mwanangu, usiniwekee tena. Peleka pesa zako kule kwa Wazungu, penye mlango wa chuma." Kaka akaenda mjini akafungua hesabu ya akiba benki. Kwa neno la baba. Kumbuka hilo.

Siku ya tatu baada ya kuzika, dua imekwisha, watu wamekula, shemeji yangu amekaa eda chumbani. Akamtuma mama alete kitabu cha benki. Kilikuwa kimefungwa ndani ya kanga. Baba akanipa nisome. Nikafungua ukurasa wa kwanza. Mstari wa kwanza ulikuwa namba tu, pesa nyingi kidogo, na maneno ya Kiingereza yaliyonishinda. Halafu mistari ya chini, ameweka ishirini, ameweka thelathini.

Baba akauliza, "Hiyo ya kwanza aliweka lini? Mbona aliweka zote siku moja?"

Shemeji akajibu kutoka nyuma ya pazia, "Hicho kitabu cha pili, baba. Cha kwanza kilijaa, benki wakakichukua, wakampa hiki. Zile za mwanzo zote wamezijumlisha hapo juu."

Baba akakichukua kitabu akaenda nacho kwa mwalimu wa chuo chetu cha Kurani. Alipotoka huko uso ulikuwa mwingine. Mwalimu alimwambia kitu ambacho baba hakukijua, na mimi sikukijua, na nadhani kaka naye hakukijua. Kwamba benki, pesa ikilala kwao, kila nusu mwaka wanaongeza kidogo juu yake. Na hilo ongezeko ni riba. Na riba, kwa sisi, si jambo la kuuliza mara mbili.

"Kilicho chao kirudi kwao," mwalimu alisema. "Kama hawataki, kitengwe, yatima wasile. Lakini kwanza mjue ni kiasi gani."

Kama lingekuwa hilo la yatima peke yake, baba angelimaliza kwa subira. Lililomla ni jingine. Usiku ule aliniambia, na hakuwa mtu wa kuniambia mambo. Alisema, "Kaka yako alipooa alitoa pesa nyingi kule. Tukachinja ng'ombe. Mahari akalipa. Sasa mimi sijui. Labda alikula riba. Labda ameulizwa kaburini, na hajui ajibu nini, maana ni mimi niliyempeleka."

Nikamwambia, "Baba, hakujua."

"Mimi nilimwambia."

Basi. Alitaka kujua jambo moja tu, mwanawe aliila au hakuila. Na kitabu tulichokuwa nacho hakikuweza kusema, maana mambo ya nyuma yote yalifungwa kwenye ule mstari mmoja wa juu.

Tukaandika barua. Baba alikaa juu ya mkeka akisema, mimi nikiandika kwenye karatasi ya daftari. Alianza na Bismillahi. Kisha akamsalimu bwana mkubwa wa benki, akamuuliza hali yake, na hali ya mkewe, na watoto wake kama wapo, na wazee wake huko Ulaya, kama bado wako hai Mungu awape afya. Kisha akasema sisi huku ni wazima, isipokuwa. Nilingoja na kalamu. Akasema, "Andika: isipokuwa mwanangu." Akaendelea. Amefariki siku ya kumi na tisa ya Mfunguo Nane. Naomba mniandikie pesa zote alizoweka kwa mkono wake, na zote alizotoa, na zote mlizoongeza nyinyi, kila moja mbali mbali, tangu siku ya kwanza. Sitaki pesa. Nataka kujua.

Karatasi mbili, pande zote mbili. Nimeandika barua nyingi maishani, hiyo ndiyo iliyokuwa nzuri kuliko zote, na haikuwa na maana yoyote kwa benki.

Tulikwenda kwa baiskeli, mimi nakanyaga, baba amekaa nyuma kwenye keria, ameshika mwavuli na ile barua ameikunja ndani ya kofia. Kutoka Tongoni mpaka mjini ni mbali, na mkono wangu wa kushoto hauwezi kushika usukani sawasawa, kwa hiyo kwenye mchanga tulishuka tukasukuma. Tulipopita Usagara baba aliomba tusimame atawadhe tena. Nikamwambia, "Baba, benki si msikiti." Akasema, "Naenda kuuliza habari za maiti."

Ndani ya benki palikuwa baridi na kimya. Nyuma ya nyavu za shaba alikaa karani Mgoa, wale Wakristo wa asili ya Goa kule Bara Hindi, mtu wa makamo, nywele zimepakwa mafuta, msalaba mdogo wa dhahabu shingoni. Kiswahili chake kilikuwa cha mjini, kizuri, ila kikienda mbio.

"Shikamoo, mzee. Nikusaidie nini?"

"Marahaba. Nimeleta barua kwa bwana mkubwa."

Karani akasoma. Alisoma yote, jambo ambalo namshukuru mpaka leo, maana nyuma yetu palikuwa na Mhindi mwenye mfuko wa pesa akipiga piga kidole kwenye mbao. Alipofika mahali fulani akatabasamu, nadhani ni pale pa wazee wa Ulaya. Alipofika mwisho hakutabasamu tena.

"Pole, mzee. Pole sana. Huyu namkumbuka. Mkono mweusi wa mafuta, akiweka sahihi anaacha alama ya kidole."

"Ndiye."

"Lakini mzee, mimi siwezi kukupa hesabu yake."

"Kwa nini?"

"Benki haisemi hesabu ya mtu kwa mtu mwingine."

Baba akamtazama, akasema taratibu kabisa, "Mimi si mtu mwingine. Mimi baba yake."

"Najua, mzee. Lakini kwa benki, mkewe ni mtu mwingine, baba yake ni mtu mwingine. Ukija wewe leo, kesho atakuja mtu aseme yeye ndiye baba. Nitajuaje?"

"Atasema uongo."

"Ndiyo! Sasa nitajuaje?"

Akatueleza. Tuende hospitali tukapate cheti cha kifo. Tuende kwa liwali, korti yake itoe karatasi inayosema nani msimamizi wa mirathi. Tulete karatasi hizo, na kitabu, na barua nyingine yenye namba ya hesabu na tarehe ya kizungu. "Huo mwezi wenu wa Kiislamu, Mfunguo Nane, mimi siujui, mzee, na bwana meneja ndiyo kabisa. Mimi najua Krismasi na Pasaka tu." Halafu akasema kitu cha mwisho, kwa sauti ya chini. Kwa kuwa sasa benki imepata habari kwamba mwenye hesabu amekufa, hesabu imefungwa. Hapana kuweka, hapana kutoa, mpaka karatasi za korti zije.

Hapa nitasema ukweli, maana nimeshazeeka na sina wa kumwogopa. Mimi nilijua sahihi ya kaka. Niliijua vizuri kuliko yangu. Na usiku kabla ya kwenda nilikuwa nimefikiri kwamba, barua ikishindikana, naweza kuja peke yangu na kile kitabu, nikatoa kidogo kidogo kwa ajili ya watoto. Kwa ajili ya watoto na, haya, kidogo kwa ajili yangu. Sikuwa mrithi. Mtu akiacha baba na mtoto wa kiume, ndugu hapati kitu. Basi karani alipofungua daftari lake kubwa akaandika pale pembeni kwa wino mwekundu, nilisikia mlango umefungwa mbele ya pua yangu. Nikashukuru pia. Yote mawili kwa pamoja.

Tuliporudi nyumbani kaka wa shemeji alikuwa anangoja. Mtu wa maneno huyo, alikuwa akiuza chumvi Pangani. Aliposikia hesabu imefungwa akapandisha sauti.

"Mzee, ungenyamaza! Kitabu mnacho! Nani alikutuma ukawaambie kafa?"

"Kafa," baba akasema.

"Watoto watakula barua?"

"Watakula nilacho mimi."

"Unakula nini wewe? Muhogo na swala?"

Mama akacheka, hakuweza kujizuia, ndiyo mara ya kwanza tangu msiba. Hata baba nusura acheke. Yule bwana naye akashuka, akakaa, akapewa uji. Lakini maneno yake yalibaki nyumbani. Miezi ile watoto walikula muhogo kweli, na mama aliuza ng'ombe wa mwisho, na mimi nilienda kukata mkonge shamba lile lile alilokuwa kaka, nikipita kila asubuhi mbele ya korona nikisikia mashine yake ikiendeshwa na mtu mwingine.

Cheti cha hospitali hakikuchukua muda. Korti ya liwali ilichukua wiki nyingi. Karani wa korti aliandika warithi: mke, baba, mama, mtoto wa kiume, mtoto wa kike. Wakahitajika mashahidi wawili wanaomjua marehemu na watoto wake. Na shemeji ilikuwa lazima asikike, naye yumo ndani ya eda, hawezi kwenda barazani. Basi korti ikawatuma watu wawili wazima mpaka Tongoni. Walikaa ukumbini, shemeji nyuma ya pazia, wakamuuliza, "Je, umeridhika baba mkwe wako asimamie mirathi, kwa niaba yako na ya watoto wako?"

Kaka yake alikuwa amekaa mlangoni, akitazama miguu yake.

Shemeji akasema, "Nimeridhika. Ila nataka na mimi nijue."

"Ujue nini, mwanangu?" baba akauliza.

"Hicho unachotaka kujua wewe. Mimi nilivikwa dhahabu kwa pesa ile."

Wale watu wa korti wakaandika.

Karatasi ikatoka, ina muhuri, ina jina la baba kuwa msimamizi. Tukarudi mjini. Karani Mgoa akazitazama karatasi moja moja, akalinganisha tarehe na cheti, akasema sasa vizuri, na akatuambia namna ya kuandika barua. Mistari minne. Mimi fulani, msimamizi wa mirathi ya marehemu fulani, hesabu namba kadhaa, aliyefariki tarehe kadhaa. Naomba taarifa kamili ya hesabu yake tangu ilipofunguliwa, pamoja na riba yote iliyoingizwa. Nimeambatanisha karatasi kadhaa.

"Salamu ziko wapi?" baba akauliza.

"Hapana salamu, mzee. Hii ni barua ya kazi."

"Siwezi kumwingilia mtu nyumbani kwake bila hodi."

Karani akaangalia nyuma, hakuna aliyemtazama. "Weka moja. Moja tu. Juu."

Nikaandika pale pale kaunta, kwa kalamu yake iliyofungwa kwa mnyororo. Assalam alaikum, bwana meneja. Halafu ile mistari minne. Baba akaweka sahihi kwa herufi zake, kutoka kulia.

Akatuambia tungoje siku kumi na nne, maana madaftari ya zamani yako stoo na lazima mtu anakili mstari kwa mstari. Siku ya kumi na tano tulikuwa mlangoni kabla hawajafungua. Baba alikuwa amevaa kanzu ya Idi.

Taarifa ilikuwa karatasi tatu, zimepigwa taipu. Karani alitusogeza mwisho wa kaunta ili tusizuie watu, akazipanga, akaelekeza kidole. Safu hii tarehe. Hii alichoweka. Hii alichotoa. Hii riba, mwezi wa sita na mwezi wa kumi na mbili. Ya mwisho, jumla iliyobaki.

"Soma," baba akaniambia.

"Yote?"

"Yote. Polepole."

Nikasoma. Shilingi kumi na tano. Shilingi ishirini. Shilingi ishirini. Mwezi mmoja shilingi tano tu, baba akasema, "Huo mwezi alininunulia kanzu." Mwezi mwingine hakuweka kitu, baba akasema, "Mama yako aliugua jicho." Nikasoma mwezi baada ya mwezi, na kwa kila mstari alikuwa na neno, au alitikisa kichwa tu. Ile ni miaka minane ya kaka yangu, na mimi niliyeishi naye sikujua nusu yake. Yule Mhindi wa mfuko, au mwingine aliyefanana naye, alisimama nyuma yetu, na safari hii hakupiga kidole.

Nikafika kwenye mstari wa harusi. Alitoa mia saba.

Baba akashika ukingo wa kaunta. "Hapo," akasema. "Hapo simama."

Akamgeukia karani. Nilidhani atauliza hesabu. Akasema, "Bwana karani, mimi ndiye niliyemwambia alete pesa hapa. Hakujua kwamba mnaongeza. Mimi sikujua. Nimekuja kuuliza kama mwanangu alikula hiyo mliyoongeza."

Karani hakuelewa mara moja. Kisha akaelewa. Akavua miwani, akaifuta kwa tai yake, akaivaa. Akachukua penseli na kipande cha karatasi, akaanza kujumlisha kutoka juu, midomo ikienda. Baba hakumwondolea macho. Mimi nilikuwa naomba dua, na sijui nilikuwa naomba nini, maana namba zilikuwa zimeshaandikwa zamani.

"Mzee," karani akasema, "tazama. Mpaka siku hiyo, kwa mkono wake mwenyewe, alikuwa ameweka mia saba na arobaini. Yetu ilikuwa kumi na tisa. Alitoa mia saba. Umeona? Ya kwake mwenyewe ilikuwa bado arobaini. Hakufika kwenye kumi na tisa."

"Hakufika?"

"Hakufika. Baada ya hapo akaweka tena mia tano na ishirini, akatoa sitini. Kwa hiyo jasho lake hapa leo ni mia tano. Na yetu, yote, tangu mwanzo, ni thelathini na moja na senti arobaini. Iko hapa. Imelala. Hajaigusa."

"Hajaila."

"Hajaila, mzee. Hata senti."

Mimi si mtu wa hesabu, lakini hata mimi nilijua kwamba pesa zikishachanganyika ni kama maji ndani ya mtungi mmoja, huwezi kusema kikombe hiki kimetoka juu na hiki chini. Yule karani angeweza kujumlisha kwa njia nyingine akapata jibu jingine. Alijua. Nilimwona anajua. Alinitazama mara moja, haraka, nami nikatazama chini. Sijamwambia mtu yeyote hadi leo ninapoandika, na baba hayupo, na shemeji hayupo.

Machozi yalishuka kwenye ndevu za baba, hakuyafuta. Karani akajifanya anapanga karatasi.

Kisha ikaja kazi ya kulipa. Baba akasema anataka mia tano, za watoto wa kaka, na za mkewe, na za wengine kama sheria ilivyogawa. Hiyo nyingine ibaki.

"Haiwezi kubaki, mzee. Nikifunga hesabu lazima ifike sifuri."

"Ni yenu."

"Si yetu tena. Imeshaandikwa kwake."

"Ifuteni."

"Haifutiki!"

Meneja akatoka chumbani, Mzungu mrefu mwenye madoa mkononi, akauliza kuna nini. Karani akamweleza kwa Kiingereza, kirefu. Meneja akamtazama baba, akasema maneno machache. Karani akatafsiri: bwana anasema hajawahi kuombwa hivyo, na anasema mzee achukue awape maskini.

Nikaona nafasi. "Baba," nikamnong'oneza, "nipe mimi. Mimi ni maskini. Tena dhambi zangu ni nyingi tayari, thelathini na moja hazitaonekana."

Karani akacheka kwa pua. Baba hakucheka, lakini alinipiga bega, polepole, kwa kiganja, kama mtu anavyompiga punda anayempenda.

Akaweka sahihi. Karani akahesabu mia tano kwa noti, akazisukuma chini ya nyavu. Halafu thelathini na moja, zile shilingi za simba, na senti kumi nne zenye tundu. Baba akachukua noti, akazifunga kwenye kitambaa, akazitia kifuani. Akaikunja ile taarifa, kurasa zote tatu, akaiweka ndani ya kofia. Shilingi akazikusanya kwa kiganja, akazirudisha kwa karani, taratibu, moja isianguke. Akamwambia, "Mungu akulipe kwa ulivyonisomea."

"Mzee! Siwezi kuzipokea! Nitaziandika wapi?"

Baba alikuwa ameshageuka. Mimi nikasimama katikati, nikizitazama zile shilingi, na karani akinitazama mimi. Nikamwona baba kupitia mlango, amefungua mwavuli, anatembea upande wa Usagara bila kuningoja, bila baiskeli. Aliishi miaka ishirini na kitu baada ya hapo, na hakukanyaga tena kwenye benki ile.